Video ya Dakika Tatu Mbele ya Baba Mkwe

Kwenye picha ya harusi yangu mimi sina uso. Kuna shela, kuna maua ya plastiki, na katikati kuna utosi. Watu waliisifia ile picha, wakasema bibi harusi ana adabu huyo. Adabu gani? Ilikuwa aibu tupu. Mpiga picha alinibembeleza mpaka akachoka, na mimi kidevu kilikuwa kimeganda kifuani.

Nimekuwa hivyo tangu shule. Ndani nina hasira za kutosha, nikiwa peke yangu jikoni nagombana na sufuria kwa sauti kubwa, lakini niweke mbele ya watu watano uone. Mate yanakauka, mkono unakwenda wenyewe kuziba mdomo kwa kanga.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyechaguliwa azungumze kwenye video.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla Songwe haijawa mkoa, sisi wa Mbozi tukiwa bado tunahesabiwa watu wa Mbeya. Simu za kupiga video zilikuwa zimeanza kuonekana hata vijijini. Kikundi chetu kilikuwa na wanawake kumi na wanne, wote wa mashamba ya kahawa. Kazi yetu ilikuwa kuchuma kahawa mbivu, kuimenya ganda la nje, kuivundika mpaka utelezi wake uachie, kuiosha na kuianika kwenye vichanja vya waya. Mimi ndiye niliyeshika upande wa kuosha na kuanika, kwa kuwa vichanja vilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kwenye kipande cha ardhi cha baba mkwe wangu.

Tulichokosa ni mashine ya kumenya. Tulikuwa tunaazima ya kikundi kingine, ng'ambo ya mto. Ndipo bibi shamba wetu, yule mtaalamu wa kilimo wa serikali, akaja na habari: kuna mradi unatoa mashine za mkono, lakini kila kikundi kilete video ya dakika tatu. Azungumze anayeishika kahawa kwa mikono yake, si kiongozi. Inaweza kuwa vipande vipande, mradi isizidi dakika tatu. Memori kadi imfikie ofisini kwake Vwawa Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Kumi na tatu wakageuka kunitazama. Nikatazama ndala zangu.

Ningekataa. Wallahi ningekataa, isipokuwa baba mkwe alikuwa ameshasema neno lake. Msimu uliopita kahawa yetu ya kwanza iliharibika yote. Ilinuka kama siki, ikakataliwa. Mzee akatangaza mbele ya familia kwamba mke wa mwanawe alilala, akaiacha kahawa kwenye maji mpaka ikaoza. Akaongeza, "Msimu huu nawatazama. Ikioza tena, nang'oa hizo meza zao napanda maharage." Na bila vichanja hivyo kikundi hakina pa kuanika, na bila mashine kahawa ingeoza tena, hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Sikulala. Kahawa ilikaa kwenye magunia siku mbili ikisubiri zamu ya mashine ya watu, ikachemka yenyewe humo humo kabla haijagusa maji yangu. Lakini ningemwambiaje mzee? Kwa jinsi nilivyoolewa, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, wala hamsemeshi moja kwa moja. Nikikutana naye napisha njia, nachuchumaa, natazama chini. Akitaka niambiwe jambo anamwambia wifi yangu, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na wifi anageuka kunirudishia maneno yale yale niliyokwisha kuyasikia. Nilimtuma mume wangu anisemee. Akaona ni ugomvi wa wanawake na kahawa yao, akasema yataisha. Hayakuisha. Mwaka mzima nilimpelekea mzee chakula nikiwa machoni pake mvivu aliyelala.

Kwa hiyo nikakubali.

Wa kupiga video tulikuwa naye nyumbani. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa na kibanda cha studio Tunduma, karibu na mpaka, akipiga video za harusi, kipaimara na send-off. Alikuja Jumatano asubuhi, na alitakiwa arudi Alhamisi mchana maana alikuwa na shughuli jioni. Akanikuta nafagia, akaanza utani wake wa kunisalimia Kibemba kama wafanyabiashara wa Zambia.

"Mulishani, mayo! Nasikia tuna staa humu ndani!"

"Bwino, salama. Na wewe niondolee balaa lako," nikamjibu.

"Umeona? Maneno unayo. Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuja mchana, limevaa kitenge kipya. Mwenyekiti wetu alikuwa ameniandikia risala. Kurasa mbili za daftari, mwandiko wa kulala. "Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa mradi, mabibi na mabwana, awali ya yote tunapenda kuchukua fursa hii..." Kwetu bila risala jambo halijawa jambo. Mwenyekiti alikuwa ameshasoma risala mbele ya madiwani watatu, hakuelewa mtu atazungumzaje na wakubwa bila karatasi.

Shemeji hakubishana. Aliiacha kamera yake kubwa ndani ya begi, akasema ile inawatisha hata maharusi waliolewa pombe. Akaegesha simu juu ya makreti mawili, akaishikiza kwa jiwe, ikawa usawa wa macho yangu. Akailaza upande ili picha iwe pana, akazima mtandao mtu asipige katikati. Akahakikisha jua liko mgongoni mwa simu, si mgongoni mwangu, nisije nikaonekana kivuli.

"Haya, shemeji. Soma."

Nikasoma.  Nilifika "tunapenda kuchukua fursa", nikaruka mstari, nikarudi, nikaruka tena. Wanawake wenzangu walisimama pembeni wamekunja mikono, wengine wanasoma kimoyomoyo pamoja nami. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akakohoa.

Shemeji akaitazama ile video peke yake. Mimi alininyima. "Anayejiona mara ya kwanza harudi tena mbele ya simu," akasema. Kisha akaichukua risala, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyekiti kwa mikono miwili. "Mama, hii ni nzuri sana. Tutaisoma siku mashine ikija."

Wengine akawaomba waende wakachume. Mwenyekiti aliondoka amevimba.

Tulipobaki watatu, mimi, yeye na wifi, akanieleza. Kuna njia ngumu ya kuzungumza kwenye video, akasema, ni kusimama na kuitolea simu macho kama unahutubia. Hiyo tuiache. Mtu mwenye haya anaanza na moja ya njia tatu. Ya kwanza, tupige mikono tu ikifanya kazi, yeye aeleze inachofanya. Ya pili, mtu aliyemzoea akae bega kwa bega na simu, amuulize, amjibu huyo mtu na kuisahau simu. Ya tatu, ashike kitu kimoja mkononi, aseme ni nini, kimempataje, na anataka nini. "Usikariri. Jua sentensi ya kwanza na ya mwisho. Ya katikati yatakuja, ni kazi yako ya kila siku."

Tukaanza na ya pili, ya kuulizwa. Wifi akakaa kwenye kigoda, kichwa chake karibu kabisa na simu. Akaniuliza kwanza vitu vya kipuuzi ili ulimi ulainike: umekula nini, mbuzi yule mweusi kazaa? Nikajibu, nikacheka hata. Halafu akaniuliza, "Wifi, kazi yako kwenye kikundi ni ipi?"

Nikafungua mdomo. Na hapo, nyuma ya simu, nyuma ya wifi, baba mkwe akatoka nyumbani na kiti chake, akakiweka ukutani kwa stoo, mahali anapoota jua kila siku. Akakaa. Akaweka fimbo magotini.

Kidevu changu kikashuka kifuani.

"Shemeji, macho," shemeji akasema.

Nikayainua mpaka kwenye magoti ya wifi. Hayakwenda zaidi. Tukarudia mara tatu, mara nne, sijui mara ngapi. Sauti ikawa inatoka kama ya mtu anayeungama. Shemeji akaanza kukereka, akaniambia ukitazama chini namna hiyo watu wa mradi watadhani unadanganya. Jasho lilinitiririka na ule ubaridi wetu wa Juni. Nilitaka kulia kwa hasira. Hakuna anayeona? Mzee yuko pale! Nikimtazama wifi namtazama na yeye!

Wifi ndiye aliyegeuka, akaona. Akamnong'oneza kaka yake. Shemeji akashusha pumzi ndefu. Nani amwambie mzee ahame kwenye kiti chake, nyumbani kwake, juu ya ardhi yake? Si mwanawe. Na kumpa mgongo mzee ningeonekana nimetukana. Kuhamia kwingine hakukuwezekana, vichanja viko pale na jua liko upande ule. Na jua lilikuwa linateremka.

Kisha shemeji akainamisha simu.

"Basi tuanze na mikono," akasema. "Tazama chini unavyotaka. Anayefanya kazi anatazama kazi yake."

Akaleta beseni la maji na kapu la kahawa iliyochumwa asubuhi. Nikachuchumaa. Nikamimina kahawa ndani ya maji, na mikono yangu, jamani, ikajua la kufanya. Wifi akauliza unafanya nini hapo. Nikamwambia hizi zinazozama ni nzito, nzima, hizi zinazoelea zina wadudu au hazikujaa, tunaziengua. Nikamwonyesha iliyoiva na ile yenye ubavu wa kijani. Nikaeleza kwamba iliyochumwa leo imenywe leo. Nikaeleza kuivundika, kwamba siangalii saa peke yake, naingiza mkono, nasugua: ikiteleza bado, ikikwaruza kama changarawe tayari, naiosha. Nilisikia sauti yangu, na ilikuwa ile ya jikoni.

"Na kama haikumenywa siku hiyo?" wifi akauliza.

Hilo swali hatukulipanga. Mpaka leo anaapa lilimtoka tu.

Mikono ikasimama ndani ya maji. Kwenye nguzo ya kichanja palining'inia kopo la maziwa ya unga, na ndani yake nilikuwa nimehifadhi konzi moja ya kahawa ya mwaka uliopita. Sijui kwa nini niliitunza. Labda kwa ajili ya mume wangu, siku atakapokuwa na masikio. Nikainuka, nikalichukua, nikamwaga kahawa ile kiganjani. Nyeusinyeusi, yenye madoa, bado inanuka. Shemeji akainua simu taratibu ikanifuata mpaka usoni.

"Hii ni kahawa yetu ya mwaka jana," nikasema. "Ilikaa siku mbili kwenye magunia ikisubiri mashine ya kuazima. Nilikaa nayo kule ng'ambo, nikakesha nimekaa chini kwenye foleni, ili wasituruke. Ilikuwa inachemka, ukiingiza mkono kwenye gunia unauchomoa. Nilipoileta nyumbani ilikuwa imeshakufa. Nikaiosha hivyo hivyo. Wakasema niliilalia."

Hapo nikainua macho. Nilimtazama wifi, sawa, lakini nyuma yake niliona fimbo, niliona magoti, na sikuyateremsha macho.

"Sikulala. Siku mbili sikulala. Tunataka mashine yetu, imenywe siku inayochumwa. Ni hilo tu."

Shemeji aliacha simu ikiendelea kidogo, kisha akaizima. Tukasikia kiti kikiburuzwa. Mzee aliinuka, akapita kando ya stoo bila kumsemesha mtu, akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Nikairudisha kahawa koponi, nikalitundika. Nikakaa chini kwenye matope ya beseni.

Jioni mwenyekiti alikuja, akaoneshwa, akashika kichwa. Nimemjibu mkwe wangu mbele ya simu! "Futa hicho kipande cha mwisho," akamwambia shemeji. "Mikono inatosha. Mashine tutaikosa au tutaipata, lakini mzee akikasirika meza zinang'olewa kesho."

"Bila kopo hamna video," shemeji akasema. "Mikono inaonyesha kazi. Kopo linaonyesha kwa nini."

Wakanitazama mimi. Jambo la kwangu hilo, na nilijua mwenyekiti ana haki ya kuogopa. Wanawake kumi na tatu wangekosa pa kuanika kwa sababu ya ulimi wangu. Nilitaka kusema futa. Neno lilikuwa mdomoni.

"Kiache," nikasema, nikaenda kupika ugali wa mzee. Aliupeleka wifi. Sahani ilirudi haijaguswa.

Asubuhi ya Alhamisi, nikiwa jikoni nachochea moto, nikasikia mzee anamwita shemeji uani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao.

"Leta hiyo simu."

Shemeji akampa. Mzee akaishika mbali na uso, kama anavyoshika kila kitu cha kusoma. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka pale uani, maji, wifi anauliza, mimi najibu. Sikuwahi kuisikia kabla. Ilipofika kwenye kopo nikaziba masikio. Nilipoyazibua, ilikuwa inaanza upya. Akaitazama mara tatu. Miaka kumi na moja nilikuwa mke wa mwanawe, na pale kwenye simu ndipo aliponitazama usoni bila mmoja wetu kuvunja mwiko.

Akarudisha simu. Nikasubiri aseme meza.

"Na mimi niwashie," akasema.

Shemeji hakuelewa. "Nikuwashie nini, baba?"

"Niwashie hicho. Nina jambo la kusema, na wa kuambiwa siwezi kumwambia."

Mashine ilikuja, niseme hilo liishe. Ilikuja msimu ukiwa katikati, mwenyekiti akasoma risala yake yote, kurasa mbili. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa nimeshika mwiko jikoni, nachungulia.

Shemeji alipanga makreti, jiwe, jua mgongoni. Mzee akakaa kwenye kiti chake. Mzee yule, aliyekuwa akizungumza kwenye misiba yote na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, akakohoa. Akavuta koti. Akakohoa tena.

"Nianzie wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Popote, baba."

 Niliona mkono wake unapanda kuelekea mdomoni, kuuziba. Mkono wangu ule ule! Akajaribu, akasema "Mimi...", akakwama. Akatazama chini. Shemeji naye akakwama, maana ni baba yake, angemwelekezaje?

Wifi alikuwa kando yangu jikoni, nikamvuta kanga. "Mwambie ashike kitu," nikamnong'oneza. "Mwambie ashike kitu mkononi."

Wifi akatoka. Akaenda kwenye nguzo, akalichukua kopo, akammiminia baba yake kahawa ile kiganjani, kisha akakaa kwenye kigoda, kichwa chake karibu na simu.

"Baba," akamuuliza, "hiyo ni nini?"

Mzee akaitazama. Akaisogeza puani, akainusa.

"Hii ni kahawa ya mke wa mwanangu," akasema. "Nilisema aliilalia. Sikuuliza." Akaifumba ile kahawa mkononi, kisha akamtazama wifi, na alikuwa anazungumza na jikoni. "Alikesha kwa watu, siku mbili, kwa ajili ya kahawa hii. Mwambie asibebe tena aibu nyumbani kwangu. Meza zikae."

Shemeji akazima. 

Kisha mzee akanyanyuka, akaiweka kahawa mfukoni mwa koti lake, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kumwelekea mtu, kama kuna ugali wa jana uliobaki. Nikamwambia wifi amwambie upo, naupasha.